Kaya ya Tano ya Nyasho

Kuna namba moja inayopendwa mno na wasemaji wetu wa majukwaani, nayo ni 0.38. Ukilalamika kwamba pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho linapanuka, utajibiwa kuwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 ulikuta kigezo cha Gini cha Tanzania Bara kikiwa 0.38, ilhali cha Afrika Kusini ni 0.63; basi tushukuru na tunyamaze. Sina ugomvi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo hueleza ilichopima. Ugomvi wangu ni na wale wanaoitaja namba hiyo kana kwamba ni pengo la kipato. Jina la utafiti linataja mapato na matumizi. Namba imetokana na matumizi peke yake.

Tofauti hiyo si ya wasomi kubishania vivuli. Tuchukue kaya tano za kubuni hapa Nyasho, Musoma, zote zikiwa na idadi sawa ya watu. Ya kwanza ni ya mama anayeuza dagaa kwa vifungu sokoni: kila mtu nyumbani kwake hutumia shilingi 50,000 kwa mwezi, juu kidogo tu ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ambao katika utafiti ule ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima. Ya pili ni ya dereva wa bodaboda, 70,000. Ya tatu ni ya fundi cherehani, 90,000. Ya nne ni ya mwalimu, 140,000. Ya tano ni ya tajiri mwenye mitumbwi, injini na nyumba za kupangisha, na humo kila mtu hutumia 350,000.

Kigezo alichokibuni Mtaliano Corrado Gini mwaka 1912 kinahitaji kalamu na subira tu. Linganisha kila kaya na kila nyingine; kwa kaya tano utapata jozi kumi. Jumlisha tofauti za jozi zote: ni 1,340,000. Kisha chukua jumla ya matumizi, 700,000, uizidishe kwa idadi ya kaya: 3,500,000. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata 0.38. Nimezichagua tarakimu ili zifike hapo, nakiri. Nataka msomaji aione namba ya taifa ikiwa na sura za watu.

Sasa tuulize kinachoingia mfukoni badala ya kinachotoka. Kwa kaya tatu za mwanzo jibu halibadiliki, kwa kuwa chote kinacholetwa huliwa, huvaliwa au hulipiwa kodi ya chumba. Mwalimu hupata 150,000 kwa kila mtu na 10,000 huziweka SACCOS. Lakini kaya ya tano huingiza 1,000,000 kwa kila mtu. Hizo 650,000 zinazobaki hazionekani katika sufuria wala kabatini. Zinageuka viwanja, lori, na nyumba nyingine ya kupangisha. Piga hesabu ileile kwa mapato haya, na kigezo kinapanda hadi 0.58. Hakuna aliyeongezewa wala kupunguziwa senti. Tumebadili swali tu, na mtaa uliokuwa wa usawa wa wastani umeukaribia ule wa Afrika Kusini tuliokuwa tukijilinganisha nao kwa majivuno.

Najua utetezi uliopo, nao una uzito. Mapato ya mkulima huja mara moja kwa msimu. Mvuvi wa dagaa huvuna katika giza na hukaa pwani mwezi ukiwa mpevu. Ukimuuliza alipata kiasi gani mwezi huu, jibu lake litategemea umemkuta tarehe gani. Matumizi hutulia zaidi, tena yanahesabu hata mahindi aliyoyalima na kuyala mwenyewe. Kwa hiyo, ukitaka kujua nani hashibi, pima matumizi. Lakini kipimo kinachomfaa maskini kinampa tajiri maficho, kwa sababu tumbo la mtu lina kikomo na hatimiliki hazina.

Tena tumedhani kwamba kaya ya tano ilikubali kuhesabiwa. Mdadisi anayebisha hodi kwa mama wa dagaa hupewa kigoda, na shajara ya manunuzi hujazwa siku baada ya siku. Kwenye geti la kaya ya tano huambiwa mzee amesafiri. Tuseme amerudi bila kitu, na waliobaki ni wanne tu: kigezo cha matumizi kinaanguka hadi 0.21. Mtaa umekuwa wa kindugu kwa kufungiwa geti moja. Wataalamu wana njia za kurekebisha kwa kuwapa uzito zaidi waliohojiwa, lakini hakuna uzito unaoweza kumrudisha mtu ambaye mfano wake haumo kabisa katika sampuli.

Anayedhani natia chumvi kuhusu nguvu ya swali akumbuke jaribio lililofanyika hapa nchini mwaka 2007 na 2008. Watafiti Beegle, De Weerdt, Friedman na Gibson waligawa kaya zipatazo 4,000 katika makundi manane kwa bahati nasibu, na kila kundi likaulizwa matumizi kwa namna yake: wengine shajara, wengine kumbukumbu ya wiki moja au mbili, wengine orodha ndefu ya vyakula, wengine fupi. Kaya zilikuwa za aina moja, wilaya zilezile. Hata hivyo kiwango cha umaskini kilitoka chini ya nusu ya watu hadi takriban theluthi mbili, kutegemea dodoso lililotumika.

Mtu wa Butiama, mwendo mfupi kutoka hapa, alipima pengo kwa namna ambayo kila karani aliielewa. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwageuzia hoja kwenye mishahara ya wakubwa na akapunguza wake kwa asilimia 20. Baadaye serikali yake ilipenda kujipima kwa uwiano wa mshahara wa juu kabisa na wa chini kabisa katika utumishi wa umma. Kipimo hicho nacho kilikuwa na upofu wake: mkulima na mvuvi hawakuwamo. Ila kilimtazama aliye juu na kumtaja kwa cheo, jambo ambalo 0.38 haiwezi.

Na aliye juu anatuhusu sote. Kaya ya tano imechimba kisima chake, watoto wake wanasoma shule ya kulipia, na akiugua mtu anapelekwa Mwanza. Bomba la mtaa likikauka wiki nzima, mwenye simu ya kumpigia mkubwa hana habari. Wanaobaki kulalamika ni wale ambao malalamiko yao hayafiki. Hapo ndipo pengo linapokuwa jambo la utawala, hata pale ambapo hakuna anayelala njaa.

Ninachodai ni kidogo. Kila inapotangazwa Gini ya matumizi, itangazwe kando yake sehemu ya mapato yote inayochukuliwa na asilimia kumi ya juu, ikikadiriwa kwa kuoanisha dodoso na kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato zilizofutwa majina, pamoja na daftari za ardhi na za magari. Itajwe pia ni kaya ngapi zilikataa kuhojiwa, na ziko mitaa gani. Nyaraka hizo zipo serikalini tayari, na baadhi yenu mnaosoma hapa ndio mnaozitunza makabatini.