Daftari la Wiki: Radhi Isiyo na Tarehe

Kampuni ya bima ikimtumia mteja hati isiyo yake, barua ya radhi inayofuata huwa na maneno yaleyale: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Hati sahihi imeambatanishwa." Adabu ipo, na mteja wa Sikonge aliyekata bima kwa wakala na kutumiwa karatasi zake kwa simu atashukuru kwamba hakulazimika kufunga safari ya kilomita kama 70 hadi Tabora mjini. Lakini barua hiyo haijamwambia jambo kubwa kuliko yote: kati ya siku aliyolipa na siku waliyogundua kosa, gari lake lilikuwa na bima gani?

Tuseme mtu ana gari dogo la matumizi binafsi lenye thamani ya shilingi milioni 20 na ameomba bima kubwa. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada ni 700,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, jumla inakuwa 826,000. Bima inaanza tarehe 3 Machi. Hati inayomfikia ni ya bima ndogo, ile inayofidia watu wengine tu aliowaumiza au kuwaharibia mali. Kosa linaonekana, na tarehe 24 Machi barua ya radhi inatumwa pamoja na hati mpya. Sasa soma mstari wa kipindi cha bima kwenye hati hiyo. Ikiwa imeandikwa kuanzia 24 Machi, kwa sababu tu ndiyo siku iliyochapwa, majuma matatu yameachwa wazi. Gari likiwa liliteleza na kupinduka tarehe 15 njia ya Ipole, afisa madai ana karatasi mbili mbele yake: ya kwanza haigusi gari la mteja, ya pili ilikuwa haijazaliwa.

Ndiyo maana marekebisho ya kweli hayaishii kwenye barua. Hufanywa kwa hati ya nyongeza, inayotaja namba ya hati ya awali, kipengele kilichokosewa, kinavyopaswa kusomeka, na kwamba badiliko linahesabiwa tangu siku bima ilipoanza. Halafu ile hati mbovu ifutwe waziwazi, na taarifa zisahihishwe pia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Siku hizi stika ni ya kielektroniki na askari barabarani huhakiki kwa namba ya gari, si kwa karatasi iliyo mfukoni. Mteja naye anaweza kuhakiki mwenyewe kupitia tiramis.tira.go.tz. Barua ikisema kosa limesahihishwa huku mfumo ukisoma bima ndogo, kilichosahihishwa ni barua.

Wanasheria wa kampuni watasema kueleza kosa kwa urefu ni kujifunga kamba kabla ya madai. Hofu hiyo naielewa, ila naona imekaa mahali pasipo pake. Kukiri kwamba karani alichapa hati isiyo sahihi si kukubali kulipa ajali fulani. Madai yatachunguzwa kwa masharti ya bima iliyokubaliwa. Na kilichokubaliwa kina ushahidi wake tayari, kwenye fomu ya maombi na risiti. Bima ndogo ya gari la namna hiyo ni 118,000 pamoja na kodi. Hakuna anayeilipia 826,000. Kampuni iliyopokea fedha hizo haifichi kitu kwa kunyamaza.

Wengine watasema mteja naye alipaswa kusoma. Kweli, na aliyesoma ukurasa wa jedwali angeona upungufu siku ileile. Lakini hati nyingi huandikwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na aliyeiandika ndiye mwenye utaalamu. Uzembe wa msomaji haumwondolei mwandishi wajibu wa kurekebisha alichoandika.

Kuna sura nyingine ya kosa hili: hati uliyopokea ni ya mtu mwingine, yenye jina lake, simu na namba ya gari. Hapo radhi inadaiwa na wawili, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda na huyo asiyejua kwamba karatasi zake zimefika Sikonge. Barua ikuombe uzifute, na ikwambie kama za kwako nazo zilikwenda kwa mtu.

Basi ukiletewa barua ya namna hii, soma kwanza tarehe ya kuanza bima. Kama si ile uliyolipia, andika siku hiyohiyo kudai hati ya nyongeza, ukiambatanisha risiti. Wakikataa, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.