Aliandikwa amefika, kumbe yuko kwenye basi

Septemba 5, 2022, mjini Makinohara, Japani, mtoto wa miaka 3 aliachwa ndani ya basi la chekechea kabla ya saa 3 asubuhi. Mfumo wa mahudhurio ulionyesha amefika. Mwalimu wa darasa hakumwona, lakini hakuwapigia wazazi simu. Alikutwa baada ya saa 8 mchana. Joto lilikuwa limemuua.

Mzazi, hata kama mwanao amekutwa salama, amelala kiti cha nyuma, dai taarifa ya maandishi: basi lilifika saa ngapi, nani aliita majina na wapi, mtoto alionekana saa ngapi, nawe ulipigiwa saa ngapi. Muda uliopita kati ya saa hizo ndio unaoonyesha ukaguzi ulikatikia wapi.