Mistari mitatu ya duka la maziwa

Tuchukue duka la maziwa mjini Kitengela, na tarakimu za kukadiria. Kodi, mshahara wa muuzaji na umeme wa tangi la kupozea ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yauzwe maziwa au yasiuzwe. Lita moja hununuliwa kwa shilingi 50 na kuuzwa kwa 65. Kwenye grafu, lita zilizouzwa ziko chini na shilingi pembeni. Mstari wa gharama zisizobadilika umelala kwenye 30,000. Mstari wa jumla ya gharama unaanzia hapo hapo na kupanda, na ule wa mapato unaanzia sifuri.

Husemwa kwamba mapato yakishaupita mstari uliolala, duka limeanza kula faida. Sivyo. Kwenye lita 500 mapato ni 32,500, yameshaupita, lakini jumla ya gharama ni 55,000: hasara ya 22,500. Waliosoma hivi wamelipa kodi wakasahau mfugaji. Makutano ya kutazamwa ni ya mapato na jumla ya gharama. Kila lita huacha shilingi 15, na 30,000 gawanya kwa 15 ni lita 2,000, yaani takriban 67 kwa siku.

Wengine huona mstari wa mapato ukiwa juu wakadhani urefu wote huo ni wao. Faida ni pengo la wima kati ya mistari miwili tu. Kwenye lita 2,600 mapato ni 169,000, gharama 160,000; kinachobaki ni 9,000.

Dai linalofunga maduka ni hili: “Nikipunguza shilingi 5 tu, nitauza zaidi.” Tano mbele ya 65 inaonekana ndogo, ila inatoka kwenye ile 15. Zinabaki 10, mstari wa mapato unalala karibu na ule wa gharama, na makutano yanasogea hadi lita 3,000. Jirani akishusha bei, kwanza uliza lita 1,000 za ziada zitanywewa na nani. Ukame hufanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili: malisho ya Kajiado yakikauka, mfugaji akitaka 55, gharama ndiyo inayosimama zaidi, na makutano ni yale yale 3,000.

La mwisho, kwamba mistari huendelea kunyooka. Tangi la lita 100 kwa siku haliuzi zaidi ya lita 3,000 kwa mwezi. Ukiongeza tangi la pili, mstari uliolala unaruka ngazi, na hesabu inaanza upya. Tena grafu inahesabu lita zilizouzwa. Zile zilizochacha umeme ulipopotea zimelipiwa 50 kila moja, na hazimo katika mstari wowote mpaka uziongeze mwenyewe kwenye gharama.