Mshahara wa Kwanza Si wa Kuonyesha Kijiji

Huku Kisumu na vijiji vya kando ya ziwa, kijana akipata kazi huambiwa neno moja na kila mtu, kuanzia mjomba hadi jirani wa ploti: mshahara wa kwanza wote ni wa wazazi, na ununue kitu kikubwa kinachoonekana. Asiyefanya hivyo, eti pesa zake hazitakaa. Naipinga imani hiyo. Inawatupa vijana kwenye mikopo ya simu kabla hawajamaliza mwezi wa pili kazini, na inawajazia wazazi vitu wasivyoweza kuvitumia.

Mpwa wangu aliajiriwa mjini kwa shilingi 30,000. Baada ya kodi, NSSF, bima ya afya na ada ya nyumba, alishika kama 26,000. Akanunua runinga ya inchi 32, akaipakia kwenye matatu hadi nyumbani, upande wa Usenge. Watu walikuja, picha zikapigwa, mzee akaomba dua. Lakini dala ile haina umeme. Ina sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu. Runinga ikafunikwa shuka. Asubuhi iliyofuata mama yake aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akashuka ziwani na mtungi wa lita 20, akasimama ndani ya maji yenye kichocho ili ateke. Na juu ya nyumba yake kuna mabati mazuri, ambayo kila mvua ikinyesha humwaga maji yote uani.

Hilo ndilo linaloniuma. Zawadi ilichaguliwa dukani, wakati ilifaa kuchaguliwa nyumbani. Ukipokea mshahara, nenda kwanza na sukari, mkate na sabuni, ulale siku mbili. Usiulize "mnataka nini?", kwa sababu utajibiwa "chochote, mwanangu." Tazama nani anabeba nini, saa ngapi, na anarudi amechoka vipi.

Mpwa wangu alipotazama hivyo, aliona maji. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa la mama una mita 6 kwa 3, yaani mita 18 za mraba. Mvua ya milimita 20 huleta lita 360, na ukitoa kama sehemu moja ya tano inayorukia nje ya gata au kuvuja kwenye viungo, zinabaki karibu 290. Mvua nne za namna hiyo hujaza tangi la lita 1,000, na kati ya Machi na Mei mvua nne si nyingi.

Hakulazimika kununua yote mara moja. Mshahara mmoja ulilipa gata, mabomba na pipa la lita 200. Tangi lilikuja mwezi wake wa tatu kazini, likanunuliwa Bondo na si Kisumu ili kupunguza nauli ya pikapu. Penye kuharibika ni chini: tangi likikalishwa juu ya udongo mtupu, mvua hulainisha ardhi, tangi linainama na bomba la kutokea linapasuka. Lijengewe msingi wa mawe na saruji, wa karibu nusu mita, ili mtungi wa lita 20 uingie chini ya mfereji bila mama kuuinamisha. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa yachemshwe.

Sasa namna ya kulikabidhi tangi. Dala ni ya mzee. Tangi likifika bila yeye kujua, hata kama ni la mama, umemdharau. Mpwa wangu alikaa naye jioni, wawili tu, akamwomba aonyeshe mahali pa kulisimamisha. Mzee akachagua mwenyewe, akatafuta mawe. Na pale kuna mama wawili. Kwa hiyo kabla ya gata kufungwa alikwenda kwa mama mkubwa, mikayi, na sukari yake na leso yake, akamweleza kwamba mfereji utakuwa wa nyumba zote mbili. Ukiruka nyumba hiyo, tangi litaleta ugomvi utakaomwangukia mama yako wewe ukiwa mjini. Hakuna aliyeitwa kupiga picha.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Alfajiri mzee alitoka na tochi, akaligonga tangi kwa kidole kutoka juu kushuka chini, akisikiliza pale mlio unapobadilika, kisha akampigia simu mwanawe kumwambia maji yamefika wapi.