Taa Ndogo ya Spika Inasema Nini?

Fundi akiletewa spika ambayo mwenyewe anasema "imekufa, inawaka nyekundu na buluu tu," aghalabu haifungui hata kidogo. Huibonyeza kitufe, huomba simu ya mwenye mali, na punde si punde muziki unalia. Mwenye mali hulipa, hushukuru na kwenda zake, asijue kwamba spika yake haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ikimwambia jambo kwa taa, naye hakuifahamu lugha yake. Juma hili tutaisoma lugha hiyo, kwa upande wa spika na kwa upande wa visikilizio, yaani vile vipande viwili vya kutia masikioni visivyo na waya.

Kwanza ifahamike kwamba hakuna sheria moja inayowafunga watengenezaji wote. Kwenye kikasha cha visikilizio vya Apple, taa nyeupe inayopepesa maana yake ni kwamba viko tayari kuunganishwa na simu. Vifaa vingi vya Sony husema neno hilo hilo kwa taa ya buluu inayopepesa mara mbili mbili mfululizo. Na vile vya bei nafuu vilivyojaa madukani mwetu hulisema kwa nyekundu na buluu, au nyekundu na nyeupe, zikipokezana. Kwa hiyo anayetazama rangi peke yake atapotea. Yafaa kutazama mambo matatu kwa pamoja: rangi, mwendo wa kupepesa, na wakati taa ilipoanza.

Rangi mbili zinapopokezana haraka haraka, kifaa hakilalamiki. Kinatafuta mchumba. Kinatangaza jina lake hewani ili simu ije kukiposa, na hapo ndipo jina hilo huonekana katika simu kwenye orodha ya Bluetooth. Asipotokea mposaji, vifaa vingi huchoka baada ya dakika chache vikajizima. Wengi huona kuzima huko wakadhani betri imekwisha.

Taa nyekundu peke yake, inayopepesa polepole wakati kifaa kinatumika, ndiyo kilio cha betri. Mara nyingi hufuatana na mlio mfupi au sauti ya kuonya. Lakini nyekundu hiyo hiyo, ikiwaka bila kupepesa wakati waya wa chaji umechomekwa, ni habari njema: chaji inaingia. Ikijaa, taa huzima au hugeuka kuwa kijani, buluu au nyeupe. Ndiyo maana tumesema wakati nao utazamwe. Nyekundu nje ya waya ni njaa. Nyekundu ndani ya waya ni mlo.

Sasa tuchukue mkasa mmoja unaotokea katika nyumba nyingi. Dada mmoja ana visikilizio vya bei nafuu alivyotumia miezi kadhaa bila taabu. Siku moja kimoja kinalia, cha pili kimya. Akivitazama anaona vyote viwili vinapepesa nyekundu na buluu. Anahukumu kwamba kile cha kushoto kimekufa, na anataka kununua vingine.

Asiwe na haraka. Vipande viwili vya namna hii hutakiwa kujuana vyenyewe kwanza. Vikitolewa kikashani, husalimiana, na kimoja hushika uongozi. Kiongozi ndiye anayepepesa rangi mbili akiingoja simu. Mwenzake huzima taa au hupepesa polepole. Basi, vyote viwili vikiendelea kupepesa sawasawa, maana yake ni kwamba vimepoteana. Kila kimoja kinajitangaza kama mseja, na simu imeunganishwa na kimoja tu, au inaona jina moja limeandikwa mara mbili.

Dawa yake ni ya hatua chache, lakini lazima zifuatane. Afungue Bluetooth katika simu, aliguse jina la visikilizio na kuchagua neno Forget ili simu ilisahau kabisa. Kisha aizime Bluetooth ya simu. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa na wengi, nayo ndiyo kubwa, kwa sababu simu ikiachwa wazi humdaka mmoja kabla hajamwona mwenzake. Avirudishe visikilizio kikashani vichajiwe kidogo, avitoe vyote viwili kwa wakati mmoja, avilaze karibu karibu na kungoja. Katika aina nyingine hapana budi kuvibonyeza vyote pamoja kwa sekunde kadhaa. Karatasi iliyokuja na kikasha itaeleza. Akiona kimoja tu ndicho kinachopepesa rangi mbili, vimepatana. Sasa awashe Bluetooth na kuchagua jina moja linaloonekana. Masikio yote mawili yatasikia.

Kuna shida nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Spika ya nyumbani inawashwa, inatoa buluu iliyotulia, lakini simu ya mama haiioni. Buluu iliyotulia kwa kawaida ni dalili kwamba spika imekwisha kuposwa. Na kweli, simu ya kijana aliye chumba cha pili imeidaka mara tu ilipowashwa, kwa kuwa spika hukumbuka simu iliyoizoea. Kijana akizima Bluetooth yake, au kitufe cha kuunganisha kikibonyezwa kwa muda mpaka taa ianze kupepesa haraka, njia ya mama itafunguka.

Je, taa ya ubovu wa kweli ni ipi? Ya kwanza ni nyekundu inayopepesa kwa kasi huku waya umechomekwa. Hapo mara nyingi kifaa kimekataa chaji. Sababu ya kawaida ni joto, kwani betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za Selsiasi, na spika iliyoachwa juani ndani ya gari hupita kiwango hicho upesi. Chomoa, iweke kivulini ipoe, kisha ujaribu tena kwa waya mwingine na chaja nyingine. Kasi ile ikirudi, fundi ana kazi.

Ya pili ni kutokuwa na taa kabisa. Kisikilizio kisichowaka kikiwa kikashani huenda hakigusi vile vipini vidogo vya shaba kwa sababu ya nta ya sikio na jasho. Futa pande zote mbili kwa pamba kavu na ujaribu tena. Spika iliyokaa kabatini miezi mingi nayo inaweza kunyamaza. Betri yake iliyojaa huwa na volti 4.2; ikishuka mno chini ya 3, mtambo wa ndani huanza kuilisha kidogo kidogo kama mgonjwa, na taa huweza kuchelewa. Ipe nusu saa kwenye waya kabla ya kutoa hukumu.

Lakini lipo jambo moja ambalo taa haitalisema. Spika au kikasha kikivimba, kikaachana maungio au kukataa kufunga, usikichaji tena hata kama taa inawaka kijani safi. Betri iliyovimba huweza kushika moto. Usiitoboe wala kuibana. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyowaka, kisha umwite fundi.