Kabla ya kusema "moyo unaniuma", tazama karatasi ya mwanao

Katika shule nyingi za msingi, somo la mwili wa binadamu hufundishwa kwa karatasi kubwa iliyochorwa umbo la mtoto mzima, kuanzia utosini hadi nyayoni. Wanafunzi huchora moyo, mapafu, ini, figo na matumbo kwenye vipande vidogo, wakavikata na kuvibandika pale wanapodhani kila kimoja kinakaa. Mzazi wa Cyanzarwe anayeamka alfajiri kupeleka karoti na vitunguu sokoni Gisenyi au ng'ambo ya mpaka, Goma, anaweza kuiona kazi hiyo kuwa mchezo wa watoto. Mimi naona yeye ndiye wa kwanza anayepaswa kuijali. Kila siku anavuka mpaka, na akiugua upande wa pili atalazimika kumweleza muuguzi au muuza dawa ni wapi panapomuuma. Kwa lugha yetu ya Kiswahili, jambo hilo ni gumu kuliko tunavyodhani.

Mfano ni neno tumbo. Mwenye kusema Kinyarwanda ana inda, yaani tumbo lote kwa nje, na ana igifu, yaani ule mfuko wa ndani unaopokea chakula. Akivuka mpaka na kutafsiri, maneno yote mawili yanageuka kuwa tumbo. Upande wa Kiswahili nao, sehemu iliyo chini kidogo ya mfupa wa kifua, katikati, tunaiita chembe cha moyo. Mtu mwenye vidonda vya tumbo huumwa hapo hapo, naye husema bila kusita kuwa moyo unamuuma. Muuza dawa asiyeuliza zaidi anaweza kumpa dawa isiyomfaa. Anayejua kitu gani kinakaa wapi ataweka kidole mahali na kusema: ni hapa, huanza nikiwa na njaa, hupungua nikila. Hiyo ni habari ambayo mganga anaweza kuifanyia kazi.

Basi tuitazame karatasi yenyewe inavyotengenezwa, maana ikitengenezwa vibaya hufundisha makosa.

Tuchukue mwanafunzi mwenye urefu wa sentimita 130. Anahitaji karatasi ya mita moja na nusu hivi. Mifuko miwili au mitatu ya saruji, ile ya karatasi, ikifunguliwa na kuunganishwa kwa gundi au kwa uji mzito wa unga wa muhogo, inatosha. Mfuko huwa na tabaka kadhaa za karatasi, na ile ya kati ndiyo nzuri, kwa sababu haina vumbi la saruji linalowasha macho. Mtoto hulala chali, mikono imeachana kidogo na mwili, miguu vivyo hivyo. Mwenzake humzungushia kalamu. Hapa makosa mawili hutokea. La kwanza ni kalamu kulala: ikiinamia chini ya mwili, umbo huwa jembamba kuliko mtoto, na viungo havitaenea. Kalamu isimame wima wakati wote. La pili ni nguo. Vilima vya Cyanzarwe vina baridi, na mtoto aliyevaa sweta nene hutoa kifua cha mtu mzima. Avue sweta kwanza.

Kabla ya kubandika kiungo chochote, mwalimu mzuri huweka alama za mifupa. Kila mtoto hujipapasa mwenyewe na kutafuta mfupa wa bega, ncha ya chini ya mfupa wa kifua, ubavu wa mwisho, kitovu na mfupa wa nyonga. Alama hizo huhamishiwa kwenye karatasi. Kisha huchorwa mstari uliopinda kama paa, kutoka mbavu za kushoto hadi za kulia. Huo ni kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo na unaovuta pumzi. Bila alama hizi mtoto hubandika kwa kubahatisha, na karatasi inabaki kuwa pambo la ukutani.

Kosa linaloonekana zaidi ni la mkono wa kushoto na wa kulia. Mtoto amesikia kuwa moyo uko kushoto, naye anaubandika upande wa kushoto wake anapoitazama karatasi. Lakini umbo lile linamtazama yeye, kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa umbo. Dawa yake ni rahisi: aliyechorwa asimame, aishike karatasi mbele ya kifua chake, upande wenye michoro ukiwa nje. Hapo mkono wa kushoto wa karatasi unakutana na mkono wake wa kushoto, na darasa zima linaona. Kisha maneno kushoto na kulia yaandikwe kwenye viganja vya umbo.

Kosa la pili ni la ukubwa na mahali. Watoto huchora moyo mkubwa wenye ncha mbili juu, kama wa kwenye kadi, na kuusukuma hadi karibu na kwapa. Moyo ni mkubwa kama ngumi ya mwenyewe, kwa hiyo mtoto na aikunje ngumi yake juu ya karatasi na kuizungushia kalamu. Unakaa nyuma ya mfupa wa kifua, kati ya mapafu mawili, sehemu yake kubwa ikielekea kushoto. Ndiyo maana pafu la kushoto ni dogo kidogo kuliko la kulia. Mapafu nayo huchorwa madogo mno, ilhali yanajaza kifua kutoka juu kidogo ya mfupa wa bega hadi kwenye kiwambo.

Chini ya kiwambo, upande wa kulia, ni ini, ambalo Wanyarwanda huliita umwijima. Limefichwa na mbavu na linavuka hadi upande wa kushoto. Mtoto anayelibandika karibu na kitovu hajazitumia alama zake. Upande wa kushoto, likifunikwa kwa sehemu na ini, ni tumbo lile la chakula, igifu. Halikai kitovuni kama wengi wetu tunavyodhani, linakaa juu, chini ya mbavu, na hapo ndipo chembe cha moyo kilipo. Kwa matumbo, kamba inafaa kuliko mchoro. Utumbo mwembamba wa mtu mzima hufika karibu mita 6, na ule mpana mita moja na nusu hivi. Mtoto akipewa kamba ndefu kiasi hicho na kuambiwa aiingize yote chini ya tumbo la chakula, atalazimika kuikunja na kuikunja tena, na hatauliza tena kwa nini chakula huchukua saa nyingi kupita.

Figo, impyiko kwa Kinyarwanda, ndizo zinazowagusa wabeba mizigo. Kwenye karatasi huwekwa mbele na chini sana, kiunoni. Kwa kweli ziko nyuma ya vingine vyote, juu ya kiuno, zikifunikwa kwa sehemu na mbavu za mwisho, na ya kulia iko chini kidogo kwa sababu ini limeisukuma. Mwalimu anayejua kazi yake huwaambia watoto waigeuze karatasi na kuzibandika mgongoni mwa umbo. Vipande vya mbele vigundishwe ukingo wa juu tu, ili viinuliwe kama kurasa na kilicho nyuma kionekane.

Sasa fikiria mama aliyebeba gunia la viazi kuanzia asubuhi. Jioni anasema figo zinamuuma huku ameshika kiuno. Mahali anaposhika, mara nyingi, ni misuli na mifupa iliyochoka kwa mzigo, na maumivu huongezeka akiinama au akigeuka. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, na yakifuatana na homa, au mkojo wa damu, au maumivu wakati wa kukojoa, hiyo ni safari ya kituo cha afya wala si ya duka la dawa. Mtoto aliyewahi kubandika figo mgongoni anaweza kumwonyesha mama yake tofauti hiyo kwa kidole.

Karatasi ina mipaka yake, na ni lazima tuiseme. Ni bapa, haionyeshi kiwambo kikishuka wala moyo ukipiga. Wala maumivu hayakai siku zote pale kiungo kilipo. Moyo wenye shida unaweza kuuma kwenye chembe, begani, mkononi au tayani. Mtu mzima akibanwa kifuani au kwenye chembe huku akitoka jasho jembamba na pumzi ikimpungua, asianze kubishana kuhusu tumbo na moyo. Apelekwe hospitali mara moja. Karatasi inafundisha mahali na kazi, haipimi ugonjwa.

Utajuaje kama mwanao ameelewa? Usimuulize majina. Igeuze karatasi kichwa chini na umwambie avibandike tena. Aliyekariri sura ya mchoro atapotea, aliyezijua alama za mifupa hatapotea. Kisha mpe karoti ya shambani mwenu aisafirishe kwa kidole: mdomoni, kwenye umio nyuma ya moyo, tumboni inakosagwa na kuchanganywa na asidi, kwenye utumbo mwembamba chakula kinakoingia kwenye damu, damu hiyo ipite kwenye ini, makapi yaende utumbo mpana. Akiruka hatua, hapo ndipo somo lilipokatikia.

Ombi langu kwa shule za Rubavu ni moja. Sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani utakuja kwa Kiingereza, hilo tunalijua. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na watoto hawa wanakaa karibu na mpaka ambao wazazi wao wanauvuka kutafuta riziki. Kila kipande kiandikwe majina matatu: la Kiingereza mbele, la Kinyarwanda na la Kiswahili nyuma. Na kwenye tumbo la chakula yaandikwe maneno kamili, tumbo la chakula, ili lisichanganywe na tumbo lote. Gharama yake ni wino.

Nanyi wazazi, karatasi hizo huishia kukunjwa na kutupwa muhula ukiisha. Iombeni ije nyumbani. Itundikeni mlangoni, na siku mtakapoumwa, wekeni kidole kwanza, kisha mtafute neno.