Haba na haba pia humaliza kibaba

Katika mipaka ya Kabanga na Rusumo, wilayani Ngara, kila mfanyabiashara anafahamu kwamba fedha ina bei mbili. Anayevunja faranga hununua kwa bei moja na kuuza kwa bei nyingine iliyo juu kidogo, na pengo lililo baina ya bei hizo ndilo riziki yake. Mtu akivuka mpaka asubuhi, akabadili shilingi kuwa faranga, kisha akazirudisha jioni bila kununua hata kishada cha ndizi, atarudi nyumbani akiwa na shilingi pungufu. Hakuna aliyemwibia. Amelipia kuingia na amelipia kutoka.

Jambo hilo, ambalo mchuuzi wa mpakani hahitaji kufundishwa, linasahaulika upesi pale fedha inapohamia kwenye simu ya mkononi. Siku hizi wapo walimu na watumishi wa Serikali ambao hununua na kuuza mikataba ya bei ya sarafu za mtandaoni, hasa bitikoini, mara nyingi kwa siku. Hawangoji bei ipande sana. Hudonoa faida ndogondogo kama kuku adonoavyo punje, wakiingia na kutoka kwa dakika chache, na wenyewe huuita mtindo huo skalping. Hoja yao husikika kuwa ya busara: faida ndogo mara nyingi huwa kubwa, maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini methali hiyo ina upande wa pili. Kinachojaa kwa haba huweza pia kuisha kwa haba, na katika biashara hii gharama ni za hakika ilhali faida ni ya kubahatisha.

Gharama hizo ni tatu, na yafaa kila moja ieleweke kwa nafasi yake.

Ya kwanza ni ada ya soko. Katika masoko makubwa ya mikataba hiyo, kiwango cha kawaida kwa mteja mdogo anayenunua papo hapo ni kama asilimia 0.05 kila anapoingia na asilimia 0.05 tena kila anapotoka. Tarakimu hiyo huonekana kuwa si kitu. Hata hivyo, ada haihesabiwi juu ya fedha aliyoweka mteja, bali juu ya thamani yote ya mkataba, pamoja na sehemu aliyoongezewa na soko kwa mkopo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Rulenge mwenye akiba ya shilingi 500,000. Anatenga shilingi 250,000 kuwa dhamana, na soko linamruhusu kushika mkataba wenye thamani mara 20 ya dhamana hiyo, yaani shilingi 5,000,000. Shabaha yake ni kutoka bei ikisogea asilimia 0.15 upande wake, jambo litakalompa shilingi 7,500. Bei ikienda kinyume kwa kiasi hicho hicho, atakata hasara ya shilingi 7,500. Kwa macho, mchezo ni sawa kwa sawa. Lakini ada ya kuingia ni shilingi 2,500 na ya kutoka ni shilingi 2,500. Kabla hajasema lolote, shilingi 5,000 zimekwisha kuondoka, ashinde au ashindwe.

Gharama ya pili ni mtelezo wa bei, yaani tofauti kati ya bei aliyoiona mtu alipobonyeza kitufe na bei aliyoipata kweli. Anayekwenda gulioni kununua magunia kumi ya maharage anaielewa. Muuzaji wa kwanza ana magunia mawili kwa bei nzuri, wa pili ana matatu kwa bei ya juu kidogo, na hayo mengine yako kwa wa tatu aliye ghali zaidi. Bei iliyosikika langoni ilikuwa ya magunia mawili tu. Soko la mtandaoni nalo ni foleni ya wauzaji na wanunuzi wa namna hiyo, na agizo la kununua papo hapo hupanda foleni hiyo mpaka litosheke. Zaidi ya hayo, mawasiliano ya simu yakichelewa kidogo, foleni huwa imekwisha badilika.

Kwa bitikoini, ambayo soko lake ni pana, mtelezo katika saa tulivu huwa mdogo. Tuseme ni asilimia 0.01 kila upande, yaani shilingi 1,000 kwa safari nzima ya mwalimu wetu. Kwa sarafu ndogo zisizo na wanunuzi wengi huzidi sana. Nao mtelezo hauji kwa usawa. Huwa mkubwa zaidi pale bei inapokimbia, na hapo ndipo agizo la kukata hasara linapofanya kazi. Maana yake ni kwamba faida hukatwa kidogo, na hasara hukatwa zaidi.

Sasa hesabu ifanywe upya. Akishinda, mwalimu hapati shilingi 7,500, bali shilingi 1,500. Akishindwa, hapotezi shilingi 7,500, bali shilingi 13,500. Ushindi mmoja unaleta 1,500 na hasara moja inachukua 13,500. Ili asipate wala asipoteze, inampasa ashinde mara 9 katika kila 10. Bila gharama, mara 5 zingetosha.

Tumpe mwalimu huyo uhodari usio wa kawaida, ashinde mara 7 katika biashara 10 za siku moja. Mara 7 za faida zinampa shilingi 52,500 na mara 3 za hasara zinamwondolea shilingi 22,500, hivyo kabla ya gharama ana shilingi 30,000. Lakini gharama za safari 10 ni shilingi 60,000. Jioni, mtu aliyeshinda mara 7 katika 10 amepungukiwa na shilingi 30,000. Akiendelea hivyo kwa siku 10, shilingi 300,000 za akiba yake zimetoweka. Atakayemwuliza ataambiwa kwamba mambo yanakwenda vizuri, kwa kuwa mtu hukumbuka mara alizoshinda na hakumbuki ada.

Gharama ya tatu ni malipo ya kushikilia mkataba. Mikataba hii, ambayo soko la BitMEX liliianzisha kwa bitikoini mwaka 2016, haina tarehe ya mwisho. Ili bei yake isiachane na bei ya sarafu yenyewe, upande mmoja wa soko huulipa upande wa pili kila baada ya muda fulani. Wanunuzi wakizidi kuwa na hamu, wao huwalipa wauzaji. Hali ikigeuka, wauzaji hulipa. Katika masoko mengi malipo hufanyika mara tatu kwa siku, na kwa saa za Afrika Mashariki huangukia saa 9 usiku, saa 5 asubuhi na saa 1 jioni. Kwenye kioo cha simu kiwango hicho huandikwa Funding Rate.

Katika siku za kawaida, kiwango cha asilimia 0.01 ni cha kuonekana mara kwa mara, yaani shilingi 500 juu ya mkataba wa mwalimu wetu. Soko likichemka huweza kufika asilimia 0.1, ambayo ni shilingi 5,000 kwa mara moja. Mdonoaji hudhani kwamba jambo hili halimhusu kwa kuwa hakai. Lakini malipo hutozwa kwa yeyote aliyeshika mkataba katika dakika ile. Aliyeingia saa 4 na dakika 58 asubuhi akatoka saa 5 na dakika 3 hulipa sawa na aliyeshika tangu usiku. Na hasara nayo ina tabia yake: mtu aliyekusudia kukaa dakika tano hukataa kukubali kushindwa, akalala na mkataba akitumaini bei itarudi, na kila baada ya saa nane analipia matumaini hayo.

Yapo majibu yanayotolewa. Moja ni kutumia agizo la bei maalumu, lile linaloandikwa Limit, ambalo hungoja kwenye foleni badala ya kuikimbilia. Ada yake huwa nafuu, kama asilimia 0.02, na halina mtelezo. Kwa mfano wetu, gharama zingeshuka hadi shilingi 2,000, na kushinda mara 64 katika 100 kungetosha kuvuka. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ina mpaka. Agizo linalongoja halina hakika ya kupata mtu. Mara nyingi hupata pale bei inapolipita kwa kasi kuelekea upande wa hasara, na hukosa pale bei inapogeuka kabla ya kulifikia. Na wa kukata hasara hawezi kungoja.

Jibu lenye nguvu zaidi ni kupunguza safari na kurefusha shabaha. Mwalimu yule yule akilenga asilimia 1.5 badala ya 0.15, atashinda shilingi 69,000 au kupoteza shilingi 81,000, na mara 54 katika 100 zitamtosha. Mwendo huo ukichukua siku tatu, malipo ya kushikilia ya kawaida yataongeza shilingi 4,500, na hitaji litapanda kufika mara 57. Bado hakuna anayemhakikishia kwamba atabashiri sawa. Lakini angalau gharama haitakuwa imekwisha kuamua matokeo kabla yake.

Ukweli huu ni wa zamani kuliko bitikoini. Mwaka 2000, wataalamu wa Marekani Brad Barber na Terrance Odean walichapisha uchunguzi wa kaya 66,465 zilizonunua na kuuza hisa kati ya mwaka 1991 na 1996. Soko lilileta asilimia 17.9 kwa mwaka. Kaya zilizofanya biashara mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4. Kabla ya kutoa gharama, kaya hizo hazikuachana sana na nyingine. Kilichozitenga ni wingi wa safari.

Haifai kusahau pia nani hushiba. Soko hupata ada yake mwalimu ashinde au ashindwe, na yule aliyemwalika kwa kiungo chake mara nyingi hupewa fungu la ada hiyo hiyo. Mwaliko wa kufanya biashara mara nyingi zaidi hutoka kwa watu wanaolipwa kwa kila safari.

Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Lakini hata kabla ya swali la sheria, liko swali la hesabu, nalo halihitaji mtaalamu. Mtumishi wa Biharamulo au Ngara aliyekwisha anza afungue kumbukumbu za miamala yake ya mwezi mmoja. Ajumlishe ada zote na malipo ya kushikilia, aongeze tofauti ya bei alizoagiza na alizopata, kisha aweke jumla hiyo kando ya mshahara wake. Ikiwa gharama ya safari moja inakula zaidi ya nusu ya faida anayoiwinda, kama ilivyokuwa kwa mwalimu wetu, basi hafanyi biashara. Analipa ushuru wa daraja ambalo kila akivuka humrudisha ng'ambo ile ile.